Uzi: Mzingo na eneo kwa kutumia kamba, makundi sita yameniletea majibu sita

MwalimuChaki

Wakuu habari za jioni. Mi nafundisha hisabati darasa la tano, shule ya kijijini huku Singida, watoto 78 chumba kimoja. Wiki hii nimefika mzingo na eneo nikasema safari hii sichori mstatili ubaoni, tutapima sakafu ya darasa na uwanja kwa kamba. Nikanunua manila ile nyembamba, nikakata vipande sita vya mita 20, kila kundi likapewa kipande na likaambiwa lifunge fundo kila mita moja kwa kutumia ile rula ya mbao ya mita.

Madawati tukayatoa nje. Makundi yakaingia moja moja kupima kuta nne. Majibu ya mzingo yakaja hivi: 31, 32 na nusu, 32, 33, 30 na nusu, 34. Chumba ni hicho hicho! Watoto wakaanza kuzomeana, kundi lenye 31 na lenye 30 na nusu wakaambiwa hawajui kuhesabu maana wenzao wengi wako 32 kwenda juu. Mi nikatafuta wastani nikapata 32 na kidogo, nikaandika ubaoni 32 tukaendelea ila moyoni sikuridhika.

Kwenye eneo ndo pakawa pabaya zaidi. Nikauliza eneo la darasa ni ngapi, mtoto mmoja akanijibu kwa kujiamini kabisa "mita 32 mwalimu". Nikamwambia huo ni mzingo, akasema "si tumezunguka eneo lote?" Nikakosa jibu la haraka.

Kwa hiyo maswali yangu ni mawili. Kwa nini majibu yanatofautiana kiasi hicho, na je kamba inaweza kufundisha eneo au inafaa kwa mzingo tu?

Mtu wa Wastani

Mwalimu ulichofanya ni sahihi, kwenye vipimo huwezi pata namba moja, ndo maana kuna wastani. Makosa ya huku na huku yanafutana. 32 ni jibu zuri tu usijitese.

Fundi Msumari

Kaka wastani hapo haukusaidii. Mi ni fundi ujenzi miaka mingi, naomba nimuulize mwalimu kitu kimoja. Hayo mafundo watoto waliyafungaje? Walipima mita wakaweka alama kwa kalamu kamba nzima halafu wakaja kufunga, au walifunga fundo la kwanza wakapima kutoka hapo ndo wakafunga la pili?

MwalimuChaki

Wengi walilaza kamba chini wakaweka alama kwanza zote 20, wakaja kufunga mwishoni. Kundi moja tu nililiona linafunga fundo, linapima, linafunga tena, walichelewa sana nikawagombeza. Ndo hao hao waliopata 31.

Fundi Msumari

Basi omba msamaha kwa hao watoto hahaha. Hao ndo wako sawa kabisa.

Fundo linakula kamba. Chukua hiyo manila, weka alama mbili zenye mita moja katikati, funga mafundo kwenye alama zote mbili halafu rudisha rula. Kwa kamba nyembamba kama hiyo kila fundo litakuwa limekula kama sentimita 4, nusu inatoka huku nusu inatoka kule, kwa hiyo katikati ya fundo na fundo hakuna tena mita, kuna sentimita 96. Watoto wanahesabu "moja, mbili, tatu" wakijua ni mita kumbe ni pungufu. Mita ikiwa fupi namba inakuwa kubwa. Hapo ndo kosa linaegemea upande mmoja, makundi yote yaliyofunga mwishoni yatazidisha, na ukitafuta wastani unapata wastani wa uongo.

Sisi site hatufungi fundo kwenye uzi wa kupimia. Unapiga alama kwa maka au unafunga kitambaa chembamba juu ya kamba, kitambaa hakiipunguzi kamba.

bibi_hesabu

Fundi umenifurahisha. Mi nimestaafu ualimu lakini hesabu haijanistaafu. Mwanangu MwalimuChaki hebu nikuonyeshe ukubwa wa hilo kosa maana kwenye mzingo linaonekana dogo.

Tuseme chumba chako kweli ni urefu mita 9 na upana mita 6 na nusu, mzingo unakuwa 31 kama walivyosema wale uliowagombeza. Kwa kamba ya sentimita 96, urefu utasomeka 9.375 na upana kama 6.77. Mzingo 32.3 hivi, umezidi mita moja na kidogo, mtu anasema aah si neno. Sasa zidisha. Eneo la kweli ni 58.5, la kamba yako ni 63 na ushee. Zimeongezeka mita za mraba tano ambazo hazipo duniani. Kamba ikidanganya kwa 4 katika 100 eneo linadanganya kwa 8 na kidogo, maana uongo umeingia kwenye urefu na ukaingia tena kwenye upana.

Peleka hiyo kamba uwanjani. Uwanja wa mita 90 kwa 60 una mita za mraba 5,400. Kamba hiyo itakupa 5,859. Hizo 459 za ziada ni zaidi ya madarasa saba ya ukubwa wa lako, yote yamezaliwa kwenye mafundo.

Mtu wa Wastani

Ok hapo kwenye fundo nimeelewa, bibi shikamoo. Lakini mbona kuna kundi limepata 30 na nusu? Fundo lingewaongezea sio kuwapunguzia. Hapo wastani bado una kazi.

bibi_hesabu

Marahaba. Swali zuri hilo. Mwalimu kundi la 30 na nusu lilikuwa na nani?

MwalimuChaki

Wavulana watupu, wale wakubwa wa nyuma. Sasa nakumbuka walikuwa wanavuta kamba kama wanashindana, mmoja kajikita ukutani kabisa.

Fundi Msumari

Manila inavutika hiyo! Ni plastiki. Ukiivuta kwa nguvu mita inakuwa mita na sentimita kadhaa kwa hiyo inaingia mara chache zaidi, namba inashuka. Na wale wa 34 naweza kukuambia bila kuwaona, kamba yao ilikuwa imelegea, imebonyea katikati au haikugusa ukuta vizuri kwenye kona, mzunguko wa kamba ukawa mrefu kuliko ukuta wenyewe. Kwa hiyo makundi yako yalikuwa na makosa matatu tofauti na kila moja lina upande wake.

Dawa yake tumia kamba ya katani, haivutiki hovyo. Ila usiipime asubuhi yenye umande ukaja kuitumia mchana, katani ikilowa inajikaza inakuwa fupi. Kabla ya kupima chochote ilaze pembeni ya rula mara 20 uone kama mita 20 bado ni 20.

Kwetu Uyui

Samahani wadau nimeona mnaongelea kupima kwa kamba. Mi nina shida na shamba, nimeuziwa eka moja na mzee fulani alipima kwa hatua 70 kwa 70, sasa jirani anasema kwa kamba haifiki eka. Kamba ya kupimia eka inauzwaje na inapatikana wapi?

Fundi Msumari

Mkuu huu uzi ni wa darasa la tano.

bibi_hesabu

Mwache fundi, na yeye yumo humu humu. Mwanangu, hatua 70 kwa 70 ilitokana na yadi. Yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, na eka ni yadi za mraba 4,840, zinakaribiana sana. Kwa mita eka ni kama 4,047 za mraba. Shida ni hatua ya nani. Yadi ni sentimita 91 na kitu, mzee mfupi akitembea kawaida hatua yake inaweza kuwa sentimita 75. Hatua 70 za sentimita 75 ni mita 52 na nusu, zidisha kwa 52 na nusu unapata kama 2,756. Huyo jirani yako anaweza kuwa ana haki. Kamba haiuzwi ya eka, nunua katani yoyote uweke alama.

Kwetu Uyui

2,756?? Hiyo si hata robo tatu. Dah. Ngoja nikapime.

Ticha wa Kakamega

Hamjambo kutoka Kenya. Sisi huku hesabu tunafundisha kwa Kizungu kwa hivyo hilo neno mzingo nimelisikia hapa kwenu, watoto wetu husema perimita. Lakini lile swali la "si tumezunguka eneo lote" hata wangu huniuliza. Mimi nadhani shida ni kwamba mtoto amepewa kamba, na kamba ina urefu pekee. Hajawahi kuona mita ya mraba ikiwa imelala chini. Ukimwambia zidisha urefu kwa upana anazidisha, lakini ukimwuliza zile 58 ni 58 za nini hajui.

Nilichofanya mwaka jana, tulichukua fito nne za mita moja moja tukafunga fremu ya mraba. Mtoto anailaza kwenye kona ya darasa, anachora kwa chaki, anaipindua, anachora tena. Inachukua muda lakini wanaiona.

MwalimuChaki

Ticha asante sana, hiyo fremu nimeipenda. Kesho nina vipindi viwili mfululizo nitajaribu, ila dakika 80 kwa watoto 78 na fremu moja sijui. Je nikitandaza kamba badala ya fremu?

bibi_hesabu

Tandaza. Kamba moja kila mita kutoka ukuta huu hadi ule, halafu zingine zikatize. Sakafu inakuwa kama wavu. Wahesabu vyumba vya wavu kwa mdomo kabla hujataja kuzidisha, na usiwaambie kanuni hata kama wanaijua.

Mtu wa Wastani

Mi kwa mtazamo wangu kanuni ianze. Mtoto akijua urefu mara upana anapata maksi kwenye mtihani, haya mengine ni mapambo. Mtihani wa darasa la saba hauulizi kamba.

Ticha wa Kakamega

Na ule mtihani ukimletea umbo la herufi L atafanya nini na urefu mara upana?

Mtu wa Wastani

Atagawanya mistatili miwili. Nilifundishwa hivyo na nilipata. Sina ugomvi na kamba, nasema muda.

MwalimuChaki

Nimerudi, jana nimefanya. Naandika kwa urefu mnisamehe.

Kwanza nimewaomba radhi lile kundi la 31 mbele ya wote, wamefurahi mno, binti mmoja akasema "tulijua". Mafundo yote tumeyafungua. Duka la kijijini lina katani, nikanunua, alama tumeweka kwa vipande vya kitambaa chekundu cha sketi iliyochoka. Tukapima upya makundi yote sita. Majibu safari hii, 31 mara nne, 30 na sentimita 90 mara moja, 31 na sentimita 10 mara moja. Urefu 9 upana 6 na nusu, yaani bibi ulipiga ramli au uliwahi kufundisha chumba hiki?

Halafu wavu. Kamba za kukatiza tulizishikilia kwa misumari ya nusu inchi kwenye nyufa za sakafu, nyufa tunazo za kutosha. Kwenye urefu vyumba vilitoka 9 kamili, kwenye upana vikatoka 6 halafu ukabaki utepe wa nusu mita ukutani kwa madirisha. Nikawaambia kila mtu akae kwenye chumba chake, mmoja mmoja. Wakajaa vyumba 54 vikubwa, 9 wakakaa kwenye vile vya nusu wamejikunyata, 15 wakabaki wamesimama mlangoni hawana pa kukaa.

Nikauliza eneo ni ngapi. Wengi wakapiga kelele 63, wamehesabu vichwa. Kimya kidogo, halafu mmoja wa wale waliojikunyata akasema mwalimu mimi nimepewa nusu, siwezi kuhesabiwa sawa na huyu. Bas hapo darasa zima likaingia kwenye mabishano. Wakakubaliana wawili wa nusu wanafanya mmoja, 9 wakatoa wanne na mmoja wa nusu akabaki peke yake. 54 na 4 na nusu, 58 na nusu. Ndipo nikawaambia sasa zidisheni 9 mara 6.5 kwenye daftari. Walipoona 58.5 kuna waliopiga makofi.

Yule wa "si tumezunguka eneo lote" nikamuuliza tena. Akasema "kamba ya ukutani ni watu wa pembeni tu, hawa wa katikati haijawagusa". Sijawahi kuandika hivyo kwenye andalio la somo.

bibi_hesabu

Umenitoa machozi na uzee huu. Hapana sikuwahi kufundisha huko, 9 kwa 6 na nusu nilitafuta tu vipimo vya kawaida vinavyotoa 31.

Fundi Msumari

Wale 15 wa mlangoni ndo wizara ingewaona.

Ticha wa Kakamega

Sasa fanya ile ya kamba moja iliyofungwa duara. Chukua mita 24, unganisha ncha, watoto wanne washike kona. Waambie watengeneze mistatili tofauti bila kukata kamba.

MwalimuChaki

Tumefanya leo asubuhi uwanjani! 11 kwa 1 ikatoa 11, 10 kwa 2 ikatoa 20, 8 kwa 4 ikatoa 32, 6 kwa 6 ikatoa 36. Kabla ya kuanza niliwauliza eneo litabadilika au la, karibu wote walisema halibadiliki maana kamba ni ile ile. Walipofika 11 kwa 1 wale wanne walikuwa karibu wanagusana, mtoto akauliza "zile zingine zimeenda wapi?" Nikamrudishia swali, bado analo mpaka sasa.

Tatizo limekuja kwenye uwanja wenyewe. Tumepima pande nne kwa katani tukapata 80, 50, 82 na 50. Mzingo 262 hakuna ubishi. Eneo sijui nizidishe zipi, 80 au 82?

Mtu wa Wastani

Hapa sasa ni kwangu. 80 na 82 wastani 81, 50 na 50 ni 50. 81 mara 50 ni 4,050. Imeisha.

Kwetu Uyui

4,050 si ndo eka kamili hiyo? Bibi alisema 4,047.

bibi_hesabu

Msikimbilie. Mwalimu kesho pima kona kwa kona, zote mbili, yaani kutoka goli hili kona ya kulia hadi kona ya upande wa pili, na ile nyingine. Uniambie.

MwalimuChaki

Nimepima. Moja ni mita 108, nyingine 80 na nusu.

Fundi Msumari

Uuuwi. Huo uwanja umelala kama sanduku lililokaliwa. Nyumba ikiwa na kona kwa kona zinapishana hata sentimita 5 mwenye nyumba ananiita usiku. Nyie mna mita 27.

bibi_hesabu

Ndiyo hapo. Mtu wa Wastani mwanangu, njia yako ni ya zamani sana na inatumika mashambani kila siku, lakini inakubali pale tu kona zote zikiwa za mraba. Kona zikilala inazidisha, siku zote inazidisha, haipunguzi hata siku moja. Rudini kwenye kamba ya mita 24. Wale watoto wanne wakiwa 6 kwa 6, waambie wawili wa juu wasogee kushoto bila kulegeza kamba. Pande zinabaki 6, 6, 6, 6, wastani unabaki 6 kwa 6, lakini umbo linalala linalala mpaka linakuwa mstari, ndani hakuna kitu. Wastani bado utakuambia 36.

Kwa uwanja wako ugawe pembetatu mbili. Nyoosha kamba kwenye ile ya 108 uiache hapo, hiyo ndo kitako cha zote mbili. Unahitaji vimo tu.

MwalimuChaki

Vimo ndo shida, sina cha kupimia pembe mraba uwanjani.

Fundi Msumari

Huhitaji skwea. Mtoto mmoja asimame kona iliyobaki ashike ncha ya kamba ya pili. Mwingine ashike kamba hiyo juu ya ile ya 108, akiwa ameivuta imenyooka, atembee nayo taratibu kushoto na kulia huku wa tatu anasoma. Namba itakuwa inashuka, inashuka, halafu inaanza kupanda. Ile ndogo kuliko zote ndo kimo. Akipita hapo arudi.

MwalimuChaki

Aisee imefanya kazi. Upande wa kwanza ndogo kabisa ilikuwa 35, upande wa pili 36. Watoto walikuwa wanapiga kelele "inapandaaa" kama wanaangalia mpira. Kwa hiyo nusu ya 108 ni 54, mara 35 ni 1,890, mara 36 ni 1,944. Jumla 3,834.

Mtu wa Wastani

Sikukubali nikaenda kufanya kwa ile kanuni ya pande tatu tuliyosoma sekondari, ambayo haitumii kimo. Pembetatu ya 80, 50, 108 imenipa kama 1,877. Ya 82, 50, 108 kama 1,957. Jumla 3,834. Nimenyoosha mikono. Ila vimo vyenu vimekosea kidogo kila upande, kimoja kimezidi kimoja kimepungua, na vikafutana. Si nilisema makosa yanafutana?

bibi_hesabu

Hahahaha hilo nakupa, safari hii yamefutana kweli.

Kwetu Uyui

Kwa hiyo ningeuziwa huo uwanja kwa wastani ningeambiwa ni eka kumbe pungufu mita 213. Nimepima langu jamani. Kona kwa kona moja 81 nyingine 74. Pande sijamaliza, mvua imenyesha kamba imelowa, fundi si ulisema inajikaza? Nasubiri ikauke.

Fundi Msumari

Subiri ikauke, halafu ilaze kwenye rula kwanza.

Ticha wa Kakamega

Mwalimu bado swali la muda la yule jamaa halijajibiwa. Umetumia vipindi vingapi jumla?

MwalimuChaki

Vipindi saba, ukihesabu na siku ya mafundo. Kwenye azimio la kazi nilikuwa na vinne. Mwalimu mkuu hajasema kitu bado ila mtaaluma ameniuliza mara mbili niko mada gani. Mada ya sehemu imebaki nyuma na sijui nitaifidia wapi, hapo sina cha kumjibu Mtu wa Wastani.

Halafu kuna jambo lingine. Wakati tunakunja kamba ya mita 24, binti mmoja wa lile kundi la 31 akawavuta wenzake kumi na wawili hivi wakaishika wote kwa kuizunguka, ikawa duara. Akasema "mwalimu hii ni kubwa kuliko ya 36". Nikamwambia apime. Duara hatujalifika na hawajui pai. Atapimaje kwa kamba na fremu ya fito?

bibi_hesabu

Achore duara hilo ardhini kwa kijiti halafu alaze fremu ndani kama Ticha wa Kakamega alivyofanya darasani kwake. Zinazoenea ahesabu nzima, zilizokatwa na mstari azikadirie nusu, robo, robo tatu. Akifika karibu na 46 yuko sawa, asipofika usimwambie.

MwalimuChaki

Itabidi iwe wiki ijayo, uwanja una mazoezi ya UMITASHUMTA mpaka Ijumaa. Na fremu yenyewe mlinzi kaitoa fito moja kafungia lango la mbuzi.